Mbolea mbili zilizotupwa nje ya modeli: uchambuzi wa kisa kuhusu jaribio la F la pamoja na R mraba iliyorekebishwa

## Usuli

Kisa hiki kinahusu rasimu ya tasnifu ya shahada ya uzamili katika uchumi wa kilimo, ambayo niliombwa kuisoma kabla haijapelekwa kwa watahini. Jina la mwanafunzi, chuo, wilaya na mwaka wa utafiti nimeviondoa, na sitataja jambo lolote linaloweza kumtambulisha mhusika. Yeye mwenyewe aliridhia kisa kiandikwe, kwa kuwa makosa yaliyokuwamo ni yale yale ninayokutana nayo katika rasimu nyingine nyingi, ila hapa yalijikusanya mahali pamoja na yakafika hadi kwenye mapendekezo.

Utafiti ulihoji wakulima wadogo 140 wa mahindi, kila mmoja kuhusu shamba lake moja kuu kwa msimu mmoja. Kigeu tegemezi kilikuwa logi asilia ya mavuno kwa gunia kwa ekari. Vigeu elezi vilikuwa vya makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa la msingi: logi ya eneo la shamba, logi ya siku za kazi zilizotumika kwenye palizi, na kama mkulima alipanda mbegu chotara au la. Kundi la pili lilikuwa la mbolea mbili, yaani kilo za DAP kwa ekari zilizowekwa wakati wa kupanda na kilo za urea kwa ekari zilizowekwa wakati wa kukuzia. Kundi la tatu lilikuwa la sifa za kaya: umri wa mkulima, miaka yake ya shule, idadi ya watu katika kaya, na umbali kutoka shambani hadi soko la karibu.

Swali la utafiti lilikuwa kama mbolea ya viwandani inaeleza tofauti za mavuno kati ya wakulima hawa baada ya kuzingatia mbegu na palizi. Sifa za kaya ziliwekwa kwenye pendekezo la utafiti kama vigeu vya kudhibiti tu, na jambo hili lina uzito katika maamuzi yaliyofuata.

## Kilichotokea

Mwanafunzi alianza na modeli ya msingi yenye vigeu vitatu, akapata R mraba ya 0.391 na R mraba iliyorekebishwa ya 0.378. Kisha akaingiza vigeu vyote tisa kwa mkupuo. Katika jedwali lililotoka, DAP ilikuwa na takwimu ya t ya 1.17 na urea 1.08, zote zikiwa mbali na 1.98 inayohitajika kwa kiwango cha asilimia 5. Programu haikuweka nyota hata moja mbele ya mbolea. Kwa hiyo akaziondoa zote mbili kwa pamoja, akabaki na modeli ya vigeu saba, yaani vile vitatu vya msingi na vinne vya kaya. Modeli hiyo ilimpa R mraba ya 0.437 na iliyorekebishwa ya 0.404.

Kutokana na hapo akaandika aya tatu ambazo ndizo zilizonisimamisha. Ya kwanza ilisema kwamba mbolea ya viwandani haina athari yenye umuhimu wa kitakwimu kwa mavuno katika eneo la utafiti. Ya pili ilisema kwamba sifa za kaya zimeboresha modeli, kwa kuwa R mraba imepanda kutoka 0.391 hadi 0.437 na hata ile iliyorekebishwa, ambayo huadhibu kuongeza vigeu, imepanda kutoka 0.378 hadi 0.404. Ya tatu ilitaja takwimu ya F iliyochapishwa chini ya matokeo, 13.08 kwa digrii za uhuru 7 na 118, ikihitimisha kwamba vigeu vyote saba kwa pamoja ni muhimu na hivyo modeli ni sahihi. Mwishoni mwa tasnifu akapendekeza kwamba juhudi za ugani zihamie kwenye elimu ya kaya na barabara za kufikia masoko, na kwamba kugharimia mbolea hakuungwi mkono na data.

Tulipokutana nilimuuliza kwa nini aliziondoa mbolea zote mbili kwa wakati mmoja. Akanijibu, "Mwalimu, hakuna hata moja yenye nyota. Nitaziachaje mle ndani?" Jibu hilo lilikuwa la mtu aliyefuata alichofundishwa kuhusu jaribio la t, na ndiyo sababu sikuanza na fomula. Niliomba madodoso yenyewe.

Tukayafungua mezani, tukawa tunasoma safu mbili tu, ya DAP na ya urea, dodoso moja baada ya jingine. Sifuri na sifuri. Hamsini na hamsini. Sifuri na sifuri. Mia na hamsini. Hamsini na hamsini. Baada ya madodoso kama 30 mwanafunzi aliacha kusoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameshaona. Mkulima wa pale anayemudu mbolea hununua mfuko wa kupandia na mfuko wa kukuzia, na asiyemudu hanunui wowote. Waliokuwa na mfuko wa aina moja pekee walikuwa wachache mno. Baada ya kuondoa mchango wa vigeu vya msingi, uwiano kati ya kilo za DAP na kilo za urea ulikuwa 0.80.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudia hesabu zote kwa sampuli moja. Katika modeli ya msingi ya rasimu kulikuwa na wakulima 140, lakini katika modeli yenye sifa za kaya kulikuwa na 126, kwa sababu wakulima 14 hawakujibu swali la umri, la elimu au la umbali wa soko, na programu ya R iliwaacha kimya kimya bila kuuliza. Mwanafunzi hakuwa ameliona hilo kwa kuwa alikuwa akilinganisha majedwali kwa macho. Kama angejaribu kulinganisha modeli zake kwa amri ya `anova`, programu ingekataa na kuandika hivi:

```
models were not all fitted to the same size of dataset
```

Kukataa huko kuna maana. R mraba ni sehemu ya tofauti za kigeu tegemezi ambayo modeli imeieleza, na wakulima 14 wakitoka, tofauti zenyewe zinazopaswa kuelezwa zinabadilika. Tuliporudia modeli ya msingi kwa wale wakulima 126 pekee, R mraba ilikuwa 0.412 na iliyorekebishwa 0.398. Maana yake, kati ya ongezeko la 0.046 ambalo rasimu ilizipa sifa za kaya, 0.021 lilitokana na kuondoka kwa watu 14, bila kigeu chochote kuongezwa. Kwa R mraba iliyorekebishwa hali ilikuwa mbaya zaidi: kati ya kupanda kutoka 0.378 hadi 0.404, sehemu kubwa, yaani 0.378 hadi 0.398, ilikuwa ya kubadilika kwa sampuli.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupanga modeli kwa ngazi, kila kundi likiingia kama kundi, kwa mpangilio uliokuwa umeandikwa kwenye pendekezo la utafiti tangu mwanzo. Amri zilikuwa chache:

```r
v  <- c("lmavuno", "leneo", "lpalizi", "chotara", "dap", "urea",
        "umri", "elimu", "kaya", "umbali")
d  <- na.omit(mashamba[, v])
mA <- lm(lmavuno ~ leneo + lpalizi + chotara, data = d)
mB <- update(mA, . ~ . + dap + urea)
mC <- update(mB, . ~ . + umri + elimu + kaya + umbali)
anova(mA, mB)
anova(mB, mC)
```

Nilimtaka aandike `anova` mara mbili badala ya kuziweka modeli tatu kwenye amri moja. Zikiwekwa pamoja, R huchukua makadirio ya variansi ya mabaki kutoka modeli kubwa kuliko zote na kuyatumia kama kigawanyo katika kila mstari, hivyo F ya mbolea ingetoka 6.39 badala ya 6.32. Tofauti hiyo ni ndogo na haibadilishi uamuzi, lakini mtu anayekagua hesabu kwa mkono angeshindwa kujua imetoka wapi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuikagua F kwa mkono kabla ya kuiamini. Mantiki yake ni nyepesi kuliko sura ya fomula. Modeli yenye mbolea na modeli isiyo na mbolea zinatofautiana kwa jambo moja tu: ile ndogo imelazimishwa koefisienti za DAP na urea ziwe sifuri kwa wakati mmoja. Kulazimishwa huko lazima kuongeze jumla ya miraba ya mabaki. Swali ni kama ongezeko hilo ni kubwa kuliko lile ambalo vigeu viwili vya bahati nasibu vingelisababisha. Kwa kuwa kigeu tegemezi ni kile kile na sampuli ni ile ile, ongezeko linaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye R mraba mbili:

```
F = ((R2_kubwa - R2_ndogo) / q) / ((1 - R2_kubwa) / (n - k - 1))
```

Hapa q ni idadi ya koefisienti zinazojaribiwa kwa pamoja, na k ni idadi ya vigeu elezi katika modeli kubwa bila kuhesabu konstanti. Modeli yenye mbolea ilikuwa na R mraba ya 0.468 na vigeu vitano, kwa hiyo digrii za uhuru zilizobaki ni 126 kutoa 6, yaani 120. Kiasi cha juu ni 0.056 ikigawanywa kwa 2, yaani 0.028. Cha chini ni 0.532 ikigawanywa kwa 120, yaani 0.00443. F ni 6.32. Thamani ya mpaka kwa digrii 2 na 120 katika kiwango cha asilimia 5 ni 3.07, na thamani ya p ni 0.0025.

Mwanafunzi alirudia hesabu hiyo kwa karatasi mara mbili. Kilichomshangaza ni kwamba ndani ya modeli hiyo hiyo t za mbolea zilikuwa 1.19 na 1.06, na thamani za p za 0.24 na 0.29. Alidhani kuna kosa la kuandika data.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuzipa sifa za kaya jaribio lile lile ambalo mbolea ilipewa. Modeli ya vigeu tisa ilikuwa na R mraba ya 0.492. Ongezeko la 0.024 likigawanywa kwa vigeu vinne ni 0.006, na 0.508 ikigawanywa kwa 116 ni 0.00438, hivyo F ni 1.37 na thamani ya p ni takriban 0.25. Hata hivyo R mraba iliyorekebishwa ilipanda kutoka 0.446 hadi 0.453.

Uamuzi wa mwisho wa kiufundi ulikuwa kurudia jaribio la mbolea kwa makosa sanifu yanayostahimili variansi isiyo sawa. Mchoro wa mabaki ulionyesha wazi kwamba mashamba yasiyo na mbolea yalitawanyika zaidi kuliko yenye mbolea, na fomula ya F inayotumia R mraba inadhani mtawanyiko ni mmoja. Katika hali hiyo R mraba hazitoshi tena kutoa F, na inabidi koefisienti zijaribiwe pamoja na matriki yao ya variansi:

```r
car::linearHypothesis(mB, c("dap = 0", "urea = 0"),
                      white.adjust = "hc1")
```

F ilishuka hadi 5.40 na thamani ya p ikawa 0.006. Hitimisho halikubadilika.

## Matokeo

Aya zote tatu ziliandikwa upya. Badala ya kusema mbolea haina athari, tasnifu ilisema kwamba DAP na urea kwa pamoja zina uhusiano wenye umuhimu wa kitakwimu na mavuno, na kwamba data hii haiwezi kugawa uhusiano huo kati ya mfuko wa kupandia na mfuko wa kukuzia. Koefisienti zilikuwa 0.0021 kwa kila kilo ya DAP na 0.0019 kwa kila kilo ya urea. Kwa kuwa wakulima wanazinunua pamoja, mwanafunzi aliripoti jumla yake, yaani 0.0040, ambayo kwa mfuko mmoja wa kilo 50 wa kila aina kwa ekari ni ongezeko la 0.20 katika logi ya mavuno, au takriban asilimia 22. Kosa sanifu la jumla hiyo ni 0.0011, na takwimu yake ya t ni 3.56. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia asilimia 9 hadi asilimia 36.

Pendekezo la kuacha kugharimia mbolea liliondolewa. Pendekezo la elimu na barabara nalo liliondolewa, kwa sababu halikuwa na jaribio lolote la kulibeba. Modeli yenye mbolea ndiyo iliyowekwa kwenye jedwali kuu, na ile ya vigeu tisa ikawekwa kwenye kiambatisho ili msomaji aone kwamba koefisienti za mbolea hazikuyumba sifa za kaya zilipoingia. Kazi ilipita kwa masahihisho madogo.

## Uchambuzi: t mbili dhaifu, F moja yenye nguvu

Takwimu ya t ya DAP inajibu swali hili: tukiijua tayari urea, DAP inaongeza nini? Na ya urea inauliza: tukiijua tayari DAP, urea inaongeza nini? Mahali ambapo mtu aliyeweka 50 ya hii karibu daima ameweka 50 ya ile, majibu yote mawili lazima yawe "kidogo," hata kama mbolea ndiyo inayojaza ghala. Hakuna mgongano kati ya majibu hayo na F ya 6.32, kwa sababu F inauliza swali la tatu: tukizikosa zote mbili, tunapoteza nini?

Hili linaonekana wazi zaidi tukiondoa moja peke yake. Tulipoitoa urea na kuiacha DAP, R mraba ilishuka kutoka 0.468 hadi 0.463 tu, na t ya DAP ikaruka kutoka 1.19 hadi 3.39. Tulipofanya kinyume, tukaitoa DAP na kuiacha urea, t ya urea ikawa 3.34. Kila moja inaweza kusimama badala ya mwenzake, na kwa hiyo zikiwa pamoja hakuna inayoonekana ya lazima. Kosa la rasimu lilikuwa kuchukua ruhusa mbili, kila moja ya kuondoa mbolea moja kwa sharti kwamba nyingine inabaki, na kuziunganisha kuwa ruhusa ya kuondoa zote. Ruhusa hiyo ya tatu haikutolewa na jaribio lolote.

Uwiano wa 0.80 unakuza variansi ya kila koefisienti kwa 1 ikigawanywa kwa 1 kutoa 0.64, yaani mara 2.8, na hivyo kosa sanifu linakuwa takriban mara 1.7 ya lile ambalo lingepatikana kama mbolea hizi zingenunuliwa bila kutegemeana. Makadirio hayajapotoka, yamekosa uhakika tu, na uhakika unaokosekana ni wa mgawanyo. Ndiyo maana jumla ya koefisienti ilikadiriwa vizuri hali sehemu zake hazikukadirika: makosa ya makadirio mawili yanakwenda kinyume, moja likizidi lingine linapungua, na kwenye jumla yanafutana.

Baadhi ya wanafunzi wakishaambiwa hivi hukimbilia kuondoa mbolea moja ili nyingine ipate nyota. Siipendi njia hiyo. DAP yenye t ya 3.39 katika modeli isiyo na urea inabeba mzigo wa urea ndani yake, na msomaji atakayeambiwa "kila kilo ya DAP inaongeza mavuno kwa kiasi hiki" atanunua DAP pekee akitarajia kilichotolewa na mifuko miwili.

## Uchambuzi: kile ambacho R mraba iliyorekebishwa haisemi

R mraba ya kawaida haiwezi kushuka kigeu kinapoongezwa katika sampuli ile ile. Njia ya miraba midogo kabisa inatafuta koefisienti zinazopunguza mabaki kadiri iwezekanavyo, na kama kigeu kipya hakina msaada wowote, inaweza kukipa koefisienti ya sifuri na kubaki pale pale ilipokuwa. Kwa vitendo sifuri kamili haitokei, kwa kuwa hata safu ya namba za bahati nasibu itafuatana kidogo na mabaki, hivyo R mraba inapanda daima. Mwanafunzi alilijua hilo, na ndiyo sababu aliiegemea ile iliyorekebishwa, inayotozwa kwa kila digrii ya uhuru iliyotumika:

```
R2_rekebishwa = 1 - (1 - R2) * (n - 1) / (n - k - 1)
```

Kwa modeli ya vigeu tisa ni 1 kutoa 0.508 mara 125 ikigawanywa kwa 116, yaani 0.453. Namba ni sahihi. Kilichokosewa ni kudhani kwamba adhabu hiyo ni kali kiasi cha kuwa jaribio.

Ukali wake unaweza kupimwa kamili. Kigeu kimoja kikiongezwa, R mraba iliyorekebishwa inapanda pale tu ambapo t yake, bila kujali alama, inazidi 1. Kundi la vigeu likiongezwa, inapanda pale tu ambapo F ya kundi hilo inazidi 1. Sababu ni kwamba R mraba iliyorekebishwa inapanda ikiwa, na ikiwa tu, makadirio ya variansi ya mabaki yanashuka, na makadirio hayo yanashuka pale ambapo kila kigeu kipya, kwa wastani, kimepunguza miraba ya mabaki zaidi kuliko gharama ya digrii moja ya uhuru. Mpaka wa F kwa sifa nne za kaya ulikuwa takriban 2.45. Sisi tulikuwa na 1.37. Ilivuka 1, kwa hiyo R mraba iliyorekebishwa ikapanda, haikukaribia 2.45, kwa hiyo hakuna ushahidi kwamba sifa hizo kwa pamoja zina uhusiano na mavuno baada ya mbolea kuzingatiwa.

Tuseme sasa kwamba vigeu vinne havina uhusiano wowote na mavuno. Kwa digrii 4 na 116, F itazidi 1 takriban mara 40 kati ya 100 kwa bahati tu. Anayetumia kupanda kwa R mraba iliyorekebishwa kama kibali cha kuingiza kundi la namna hiyo anakubali kukosea mara 40 kati ya 100 mahali ambapo kwenye jaribio la t alikataa kukosea zaidi ya mara 5. Hiki ndicho kilichotokea ndani ya rasimu: mbolea ilipimwa kwa kipimo cha asilimia 5, sifa za kaya kwa kipimo cha asilimia 40, kisha matokeo yakawekwa kwenye sentensi moja kana kwamba yametoka mizani ile ile.

Kwa mbolea kanuni hiyo hiyo ilijionyesha kwa namna nyingine. Urea ilipoondolewa peke yake, R mraba iliyorekebishwa ilitoka 0.4458 ikawa 0.4452. Karibu haikutikisika, kwa kuwa t yake ya 1.06 ilikuwa juu kidogo tu ya 1. Lakini mbolea zote mbili zilipoondolewa ilianguka hadi 0.398. Laiti mwanafunzi angeangalia namba hiyo katika sampuli moja, R mraba iliyorekebishwa ingemwonya hata kabla ya F. Hakuiona kwa sababu alikuwa akilinganisha 0.404 ya wakulima 126 na 0.378 ya wakulima 140.

## Uchambuzi: ile F ya chini ya jedwali

Takwimu ya 13.08 ilikuwa sahihi kihesabu na haikuwa na uhusiano na dai lililoegemezwa juu yake. F ambayo programu huichapisha yenyewe inajaribu nadharia tete kwamba koefisienti zote, isipokuwa konstanti, ni sifuri. Kwa kuwa palizi na mbegu chotara zilikuwa na nguvu tangu modeli ya kwanza, F hiyo ingekuwa kubwa hata kama sifa za kaya zingekuwa namba zilizookotwa njiani. Kukataliwa kwa nadharia tete hiyo kunasema angalau koefisienti moja si sifuri, bila kutaja ni ipi. Anayetaka kusema neno kuhusu kundi fulani lazima ajaribu kundi hilo, kwa kulinganisha modeli yenye kundi na isiyo nalo.

## Uchambuzi: mipaka ya tulichofanya

F ya kundi ina udhaifu unaotazamana na ule wa t. Ndani ya sifa nne za kaya, umbali wa soko ulikuwa na t ya hasi 1.86, na vingine vitatu vyote vilikuwa chini ya 1. Kigeu kimoja chenye uzito kikizungukwa na vitatu vyepesi hupoteza nguvu, kwa sababu ongezeko lote linagawanywa kwa 4. Mwanafunzi aliuliza kama angeweza kuujaribu umbali peke yake. Nilimshauri asifanye hivyo katika jedwali kuu, kwa sababu kundi liliundwa kabla ya kuona data, na kumchagua aliyefanya vizuri baada ya kuona matokeo kunazifanya thamani za p zisiwe na maana yake ya kawaida. Aliutaja umbali kwenye mjadala kama jambo la kuchunguzwa kwa data nyingine, akaweka na koefisienti yake wazi kwenye kiambatisho. Najua wapo ambao wangeamua tofauti, na kama nadharia ya utafiti ingehusu masoko, nami ningeamua tofauti.

Kikomo kikubwa zaidi kinahusu tafsiri ya ile asilimia 22. Anayenunua mifuko miwili ya mbolea huenda ndiye pia mwenye udongo mzuri zaidi, mwenye samadi, au anayepanda mvua za kwanza kwa sababu ana fedha ya kulipa trekta mapema. Dodoso halikuuliza lolote kati ya hayo. Jaribio la F linathibitisha kwamba kundi la vigeu lina uhusiano na mavuno katika modeli hii. Kigeu kilichoachwa nje kinaweza kuikuza F kama kinavyoikuza t, na hakuna marekebisho ya R mraba yanayolitambua hilo. Katika toleo la mwisho neno "athari" liliondolewa kila mahali lilipohusu mbolea, na "uhusiano" likachukua nafasi yake.

Wale wakulima 14 pia hawakupotea hivi hivi. Kwa kuwa mbolea ilikuwa imejibiwa na wote, mwanafunzi alirudia modeli yenye mbolea kwa wakulima wote 140, bila sifa za kaya, akakuta koefisienti mbili zikijumlika kuwa 0.0038. Matokeo hayo yaliandikwa katika mstari wa mwisho wa kiambatisho, pamoja na idadi ya wakulima juu ya kila safu ya kila jedwali, jambo ambalo rasimu ya kwanza haikuwa nalo.